Shadoing kwa mazungumzo mafupi yenye tafsiri: mwongozo kamili wa kunyoosha matamshi ya Kiingereza

Wengi wanaoniuliza kuhusu matamshi wanafikiri shida yao ni sauti moja moja, yaani sijui "th" sijui "r", kumbe ukikaa ukawasikiliza vizuri unagundua shida kubwa iko kwenye mdundo. Sisi tunaozungumza Kiswahili kila silabi tunaipa haki yake, mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno letu linaishia na irabu karibu siku zote. Kiingereza hakina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Silabi moja inapigwa kwa nguvu, tatu zinazofuata zinamezwa, alafu neno linafungwa na konsonanti bila irabu yoyote kulisindikiza. Sasa kitu kama hicho hukirekebishi kwa kusoma maelezo, unakirekebisha kwa kuuburuza mdomo nyuma ya mtu anayekifanya sawasawa, na hapo ndo shadoing inapoingia.

Shadoing ni kuifuata sauti kama kivuli. Mtu anaongea, na wewe unaongea papo hapo nyuma yake kidogo, humsubiri amalize sentensi. Ukisubiri amalize hiyo ni kurudia tu, ni zoezi zuri ila ni lingine, kwa sababu ukishasubiri kichwa chako kinakuwa kimeshaitafsiri sauti kuwa maneno, na maneno unayatamka kwa matamshi yako yale yale ya zamani. Ukimfuata kwa karibu hupati huo muda. Mtafiti William Marslen-Wilson mwaka 1973 alionyesha kuna watu wanaweza kufuata maneno wakiwa nyuma kwa kama robo sekunde tu, hiyo ni karibu silabi moja. Wewe huna haja ya kufika robo. Nusu sekunde, yaani neno moja au mawili nyuma, inatosha kabisa.

Kwa nini mafupi, na kwa nini yawe na tafsiri

Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwavalisha watu hedifoni, sikio hili maneno haya na sikio lile maneno mengine, akawaambia wafuate kwa sauti upande mmoja. Walifuata vizuri, ila ukiwauliza upande wa pili ulisema nini karibu hawana la kukwambia. Mi naichukulia hivi: umakini wa mtu ni mdogo, ukiuweka hapa kule panabaki giza. Ukifanya shadoing ya kitu usichokielewa, umakini wote unakimbilia kwenye "huyu anasema nini?" na hakuna kinachobaki cha kusikia anavyosema. Tafsiri inamaliza swali hilo kabla hujaanza, maana ishajulikana, sasa masikio yako yanabaki na kazi moja.

Na urefu, chukua sekunde 20 mpaka 40, mistari 6 mpaka 10, watu wawili. Ukichukua dakika tano utafuata juu juu tu, na makosa yatapita bila wewe kuyaona. Kipande cha sekunde 20 unaweza kukipiga mara 15 kwa dakika tano, na ni mara ya nane au ya kumi ndo unaanza kusikia vitu ambavyo mwanzo havikuwepo masikioni mwako kabisa.

Sauti iwe ya mtu anayeongea kama anavyoongea kawaida. Kuna rekodi za kufundishia ambazo msomaji anatenganisha kila neno kwa huruma, hizo achana nazo, unafuata kitu ambacho hakipo kwenye maongezi. Chagua pia lafudhi moja ukae nayo miezi kadhaa, na kama unaweza upate sauti ambayo uzito wake unakaribiana na wako, itakusaidia kufuata kupanda na kushuka kwake bila kukaza koo.

Mfano tutakaotumia

Mazungumzo haya nimeyatunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi, alafu nikamwomba mtu aliyekulia kwenye Kiingereza anisomee kwenye simu. Yote ni kama sekunde 20.

```
1 A: What time did you get in last night?
2 B: About ten. I couldn't find a seat on the bus.
3 A: Did you have to stand all the way?
4 B: Most of it. My feet are killing me.
5 A: You should've called. I'd have picked you up.
6 B: I know, but my phone was off.
```

Na tafsiri yake:

1 A: Jana usiku ulirudi saa ngapi?
2 B: Kama saa nne hivi. Nilikosa kiti kwenye basi.
3 A: Ilibidi usimame njia nzima?
4 B: Karibu yote. Miguu inaniuma balaa.
5 A: Si ungepiga simu. Ningekuja kukuchukua.
6 B: Najua, ila simu ilikuwa imezimwa.

Angalia tafsiri ilivyo. "Ten" imekuwa saa nne, na ile miguu haijaua mtu, inauma balaa tu. Tafsiri ya neno kwa neno hapa ni hatari kwa sababu inakufanya utamke neno kwa neno pia, mdomo unasimama kila ukuta wa neno. Ukitafsiri kama mtu wa kawaida angesema, unaipata na hisia yake. Kwenye mstari wa 5 A analalamika kidogo kwa upendo, ukiijua hiyo hata sauti yako inapanda panapotakiwa.

Hatua ya kwanza: sikiliza bila karatasi

Mara tatu, mdomo umefungwa. Usiangalie maandishi kabisa. Hapa unatafuta kitu kimoja tu, wapi anapiga kwa nguvu. Gonga kidole mezani kila anapopiga. Kwenye sentensi ya pili ya mstari wa 2 utagonga mara nne, basi, ingawa maneno ni nane. Ukijikuta unagonga mara nane ujue unasikiliza kwa sikio la Kiswahili, rudia.

Kwa nini bila karatasi? Kwa sababu jicho linalidanganya sikio. Ukishaona herufi, ile "l" iliyoko katikati ya "could" utaisikia hata kama haipo, na haipo kweli, haitamkwi.

Hatua ya pili: soma tafsiri, alafu chora alama

Sasa toa maandishi yote mawili. Soma Kiswahili mstari kwa mstari ukilinganisha, mara moja inatosha, alafu karatasi ya tafsiri iweke pembeni, tutaihitaji siku ya saba.

Chukua kalamu ya risasi, cheza tena sauti, chora aina tatu tu za alama. Pigia mstari silabi zinazopigwa kwa nguvu. Silabi zinazomezwa ziwekee nukta chini. Na pale neno linapoungana na linalofuata chora upinde wa kuyaunganisha. Usichore vingine, nimeona watu wanajaza karatasi rangi tano na mwisho wa siku hawajafungua mdomo.

Tuifanye pamoja ile sentensi ya basi. Zenye nguvu ni "could", "find", "seat" na "bus". Zinazomezwa ni "n't", "a", "on" na "the". Upinde unaenda kati ya "find" na "a", inakuwa "fainda", na kati ya "seat" na "on", ile t inahamia kwenye neno la mbele. Hesabu silabi za sentensi hiyo, ni 9. Sasa sema kwa mazoea yetu: ai-ku-de-nti, fai-ndi, e, si-ti, on, dhe, ba-si. Umeshafika 13, na hizo zilizozidi zote ni irabu ulizojibandikia mwenyewe mwisho wa maneno. "Bus" ndo mbaya kuliko zote kwa sababu tumeshaliazima na kulipa irabu yake, "basi", ulimi unaliendea hilo bila kukuuliza. Maneno yoyote ambayo Kiswahili kimeyaazima yawekee alama ya hatari, ndo yatakayokuponyoka.

Mstari wa 1 ile "did you" inasikika kama "diju". Mstari wa 5 "should've" ni "shuda" yenye v nyembamba mwisho, na "picked" ni silabi moja, "pikt", sio "piked". Ziandike hivyo hivyo kwa Kiswahili juu ya mstari kama zinakusaidia, ila uzifute siku ya tatu, zisije zikawa gongo la kutembelea.

Hatua ya tatu: fuata kwa kunung'unika

Hii hatua wengi wanairuka na mi naona ndo inayobeba yote. Vaa hedifoni sikio moja tu, lingine liache wazi ujisikie. Cheza sauti na uifuate bila maneno, mdomo umefungwa nusu, "mm-MM-mm-MM". Unafuata mdundo na kupanda kushuka kwa sauti, basi. Mara nne au tano.

Utajua umeipata pale mnapomaliza mstari pamoja naye. Ukibaki nyuma na ukaendelea kunung'unika yeye kashanyamaza, maana yake kuna silabi umezipa muda ambao hazistahili, na hapo bado hata maneno hujayaweka. Irekebishe hapa, ukishaweka maneno itakuwa ngumu mara mbili.

Hatua ya nne: fuata ukiangalia karatasi yako

Sasa weka maneno. Sauti ya kawaida ya kuongea, sio kunong'ona, maana ukinong'ona koo halitetemeki na huwezi kusikia kama "was" umeimalizia na z au s. Cheza mazungumzo yote, usisimame ukikosea. Ukipotea nyamaza, ngoja mstari unaofuata, ingia tena.

Spidi ikikushinda punguza, lakini kidogo. Kwenye simu weka 0.85x. Kwenye kompyuta, ukitumia programu ya Audacity, chagua "Change Tempo" na uandike -15, usichague "Change Speed", hiyo inaifanya sauti iwe nzito kama ya jitu na utakuwa unafuata kitu cha ajabu. Chini ya 0.75 sikushauri kabisa, kwa sababu zile silabi zinazomezwa zinavutika unaanza kuzisikia kama kamili, na ndo ugonjwa tuliokuwa tunautibu.

Mstari ukigoma kabisa uvunje kuanzia mwisho. Kwangu uliogoma ni wa 5, "I'd have picked you up". Nilikuwa naanza vizuri nikifika katikati ulimi unajifunga. Basi nikaenda hivi: "up", mara tatu. "You up". "Picked you up". "Have picked you up". Alafu yote. Ukijenga kutoka nyuma kila mara unakuwa unaelekea sehemu unayoijua, na mwisho wa sentensi unabaki na mteremko wake wa kweli. Ukijenga kutoka mbele kila unapokatia unaweka mwisho wa uongo, na hiyo mikato inabaki kwenye mazoea.

Hatua ya tano: bila karatasi

Ukiweza kufuata mara tatu mfululizo bila kupotea geuza karatasi. Utashangaa inavyokuwa tofauti, kuna maneno ulidhani unayafuata kumbe ulikuwa unayasoma. Hapa ndo pa kutembea pia. Alexander Arguelles, mtu wa lugha nyingi aliyeifanya njia hii ijulikane sana kwa wanaojifunza wenyewe, anasisitiza kutembea nje kwa haraka, mgongo umenyooka, sauti ya juu. Mi nakubaliana naye ila kwa hatua hii tu, ukitembea kwenye hatua ya tatu na ya nne huwezi kuona alama zako wala kusikiliza mambo madogo.

Hatua ya sita: soma peke yako na ujirekodi

Zima sauti ya yule mtu. Soma mazungumzo yote kwa sauti, watu wote wawili, huku simu inarekodi. Hii ndo hatua inayokwambia ukweli, kwa sababu wakati wa shadoing sauti yake inaifunika yako na unajisikia mzuri kuliko ulivyo.

Alafu linganisha mstari mmoja mmoja, wake, wako, wake, wako. Usijiulize "je nasikika kama Mzungu", swali hilo halina jibu linalosaidia. Angalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni urefu kwa sekunde. Ile sentensi ya basi kwenye rekodi yangu ya kwanza ilikuwa sekunde 2.7, ya yule msomaji 1.9. Sikuwa naongea polepole, nilikuwa nimeongeza irabu. Nilisikiliza nikazikuta mbili, "siti" na "basi", na ile "the" niliitamka kwa nguvu sawa na "bus". Siku ya sita nilifika 2.1 na sikuharakisha kitu chochote, nilitoa tu visivyokuwepo.

Cha pili ni maneno yanavyofungwa. Sikiliza mwisho wa "seat", "feet", "up", "off". Kuna kiirabu kidogo nyuma? Dawa yake ni kusimamisha ulimi au midomo hapo hapo na kutoachia. Funga midomo kwenye p ya "up" na uiache imefungwa. Sauti itakatika yenyewe.

Cha tatu ni i mbili, na hii iko mstari wa 4, "my feet are killing me". "Feet" ina i inayofanana na yetu, midomo imevutwa kama unatabasamu. "Kill" ina nyingine ambayo Kiswahili hakina, iko kati ya i na e, imelegea. Watu wanafundishwa kwamba moja ni ndefu na nyingine fupi, ni kweli nusu tu, kwa sababu mbele ya t hata ile ndefu inakatwa, "feet" kwenye maongezi ya haraka sio ndefu kivile. Ukitegemea urefu peke yake utaanza kusema "fiiiit" na bado hutaeleweka. Tafuta tofauti kwenye kulegea kwa ulimi. Sema "i" ya Kiswahili, alafu anza kwenda kuelekea "e" na usimame njiani mapema, hapo ndo penyewe.

Na hapa kuna mpaka wa hii njia lazima niuseme wazi: shadoing haikufundishi sauti ambayo sikio lako haliitofautishi. Kama "seat" na "sit" kwako ni kitu kimoja unaweza kufuata mwaka mzima na utakuwa unafuata kwa i ya Kiswahili. Jipime hivi, mtu akurekodie "seat" na "sit" mara kumi kwa kuchanganya, aandike pembeni alichosema, wewe usikilize uandike unachosikia. Ukipata chini ya nane acha mambo ya kufuata, fanya siku chache za kusikiliza jozi hizo tu, alafu rudi.

Ila kuna zawadi moja tunayo. Ile "th" ya "the" na ya "with" inayowatesa watu wa lugha nyingi sisi tunayo tayari, ni dh ya "dhahabu", na ya "think" ni th ya "thelathini". Kama unasema "ze" au "de", hiyo ni haraka tu, ulimi wako unaijua.

Wiki moja inavyokwenda

Siku ya kwanza chukua kama dakika 25, hatua ya kwanza mpaka ya tatu. Siku ya pili na ya tatu dakika 15, anza na kunung'unika mara mbili alafu kaa kwenye hatua ya nne. Siku ya nne na ya tano bila karatasi. Siku ya sita jirekodi, tafuta kosa moja, moja tu, na dakika zilizobaki zote mpe hilo, maana ukiyakimbiza matano kwa pamoja hakuna litakalokaa.

Kila siku hizo, kabla hujamaliza, soma mazungumzo yote mara moja kwa sauti bila rekodi kuchezwa. Shadoing inaupeleka mdomo pale ukiwa umeshikwa mkono, kusoma peke yako ndo kunakuonyesha kama mdomo unakumbuka njia.

Siku ya saba toa ile karatasi ya tafsiri. Funika Kiingereza, angalia Kiswahili tu, useme mstari kwa Kiingereza. "Si ungepiga simu. Ningekuja kukuchukua." Na utoe "You should've called. I'd have picked you up" na mdundo wake wote. Maneno yatakuja, hilo sina shaka, ila sikiliza kama mdundo umekuja nayo au umerudi kwenye ule wa zamani, kwa sababu sasa umeanzia kwenye Kiswahili na kinakuvuta. Ukirudi cheza mstari ule mara moja, ufuate, jaribu tena.

Mazungumzo unayahama lini? Mi natumia kipimo hiki: siku ya saba mistari yote inatoka kwenye tafsiri bila kusimama, na hakuna mstari unaozidi wa msomaji kwa zaidi ya robo ya muda wake. Mmoja ukigoma nauchukua huo mmoja naubeba kwenda wiki inayofuata, hayo mengine nayaacha. Ya zamani nayafuata tena mara moja baada ya wiki mbili, bila karatasi, na mara nyingi hapo ndo nasikia kosa ambalo wiki ile ya kwanza sikio langu lilikuwa bado halijaweza kulisikia.